Bakuli Lenye Jina

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa amepakata kapu. Alikuwa akimweleza muuguzi mtu mzima aliyekaa naye kwamba rafiki yake alizika mtoto wiki tatu zilizopita, na tangu hapo hapokei simu. "Nampelekea supu, na kikaratasi: Ukiipata, nijulishe."

"Hilo 'nijulishe' lifute, mwanangu. Andika 'usijibu, Alhamisi naleta nyingine.' Uache mlangoni, uondoke."

"Bila hodi? Kama mwizi?"

"Mwizi huondoka na kitu. Na hilo bakuli la supu?"

"La seti yangu. Nimeandika jina chini."

"Basi umempelekea na chombo cha kuosha, na safari ya kukirudisha. Tafuta kopo la kutupwa."

Mimi, mume wangu alipofariki, Mungu amrehemu, mabakuli ya watu yalikaa kabatini kwangu miezi minane, na wenyewe wakipita nilijificha nyuma ya pazia.

Fundi akamgeukia. "Sasa mama, asipojibu nitajuaje kama yu hai?"

"Ukirudi ukakuta kopo halipo, amelichukua."

"Na likiwepo?"

"Hapo gonga. Gonga mpaka afungue."

"Mimi siwezi kungoja mpaka Alhamisi, mama. Nagonga leo."

"Utamchosha bure!"

Basi lilisimama. Fundi akashuka na kapu lake, akaelekea kwenye nyumba zilizopangana barabarani, kila mlango umefungwa.