Nusu ya Pili Aliyotuachia Mwalimu Okinyi

Mchungaji, ndugu, majirani wa Shauri Moyo na nyote mliofika, familia bado haijaamini kwamba inasoma haya, lakini hayana budi kusomwa.

Marehemu Elisha Okinyi Odongo alizaliwa Ugenya tarehe 3 Machi 1958, akasoma huko hadi kidato cha nne, akaja Nairobi mwaka 1979, akaajiriwa karani wa stoo katika reli hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifunga ndoa na Adhiambo tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa mtoto mmoja, Jacklyne, aliyerithi sauti ya baba na, Mungu atusamehe, ubishi wake pia.

Mwaka 1996 alianza kuhudhuria masomo ya jioni ya Kiebrania, lugha ya asili ya Zaburi, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kusoma Zaburi ovyo mbele yake. Akawa mwalimu wetu wa Zaburi kanisani, akifundisha kwamba ushairi ule hautegemei vina kama wetu, hupatanisha mawazo, nusu mbili za mstari zikitazamana, hivyo anayesoma nusu moja peke yake hajasoma kitu. Mbingu zikitangaza utukufu wa Mungu na anga likieleza kazi ya mikono yake, habari ni moja, nusu ya pili ikionyesha utukufu huo unaonekana wapi. Katika Zaburi ya kwanza, Mungu anaijua njia ya wenye haki, bali njia ya waovu hupotea, naye alipenda kuuliza kwa nini haikusemwa tu kwamba njia ya waovu Mungu haijui, kisha akajibu mwenyewe kuwa nusu hizo zinapingana ili zikamilishane, maana anayejuliwa na Mungu hapotei. Ndiyo maana kanisani yeye alisoma nusu ya kwanza, Jacklyne akawaongoza waumini kwa ya pili, katikati kimya kirefu, na ole wake aliyeharakisha.

Hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Presha alikuwa nayo, nani hana, na goti lilimfanya asome akiwa ameketi. Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, saa nne na robo asubuhi, alisoma Zaburi ya mia moja na kumi na nane, "Sitakufa, bali nitaishi," akainamisha kichwa. Jacklyne akangoja kama alivyofunzwa, kanisa zima likangoja kwa adabu, hadi kitabu kilipoanguka sakafuni. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, kwamba hata angekimbiliwa papo hapo huenda asingepona, lakini Jacklyne maneno hayo hayamwingii, anasema alikaa akimtazama baba yake akifa.

Tangu siku hiyo kuna wanaonong'ona Soko la Burma kwamba mzee alisema hafi, akafa. Hao wameishia katikati ya mstari. Nusu ya pili inasema, "nami nitayasimulia matendo ya Bwana," ikiisogeza mbele ile ya kwanza na kueleza kuishi huko ni kwa kazi gani, na kazi hiyo marehemu aliifanya mpaka pumzi ya mwisho.

Familia inawashukuru madaktari, majirani walioleta viti na sufuria bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa reli. Kwa siku kumi na mbili Jacklyne hajaweza kuitamka nusu ile, na sasa anasimama kuisoma. Akinyamaza, ndugu, safari hii msingoje, isomeni pamoja naye.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.